Sindano ilichomwa saa 10 ipi?

*Shikamoo Mama,*

*Mimi ni muuguzi, mwaka wangu wa pili kazini, wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa mkoani Dodoma. Wiki iliyopita niliingia zamu ya usiku. Dada wa zamu ya jioni alinikabidhi ripoti mezani haraka haraka, bajaji ilikuwa inamsubiri nje. Nikasaini. Nilipofika kwa mama mmoja aliyepata kifafa cha mimba, nikafungua kitabu nikakuta: "MgSO4 5 g imepewa 10. Mkojo ml 140. Anaendelea vizuri." Chati ya dawa ina sahihi, haina muda. Na ile barua ya rufaa kutoka kituo cha afya inasema tu dozi ya kuanzia ilitolewa.*

*Sasa 10 ni ipi? Saa 10 jioni, au 10 ya Kizungu, yaani saa 4 asubuhi? Nikampigia dada, simu imezimwa. Mama mkwe wa mgonjwa anaongea Kigogo tu. Mama wa kitanda cha pili akanitafsiria kwamba sindano ilichomwa jua likiwa limeingia dirisha lile la magharibi. Nikampigia daktari wa zamu. Akasema nisichome kwanza, nimwage mfuko wa mkojo, nipime kwa saa moja. Baadaye dada alipiga mwenyewe akasema ni saa 10 jioni, na mfuko aliumwaga wakati huo huo. Mkojo wa saa ile moja ulikuwa ml 45. Nikampa dozi saa 2:45. Mama yule alitoka salama na mtoto wake.*

*Lakini nilikuwa nimetetemeka sana, na kwa hasira nikaandika kitabuni: "Zamu ya jioni imeacha mgonjwa bila ripoti. Uzembe mkubwa, nusura afe." Dada ameumia. Ndiye aliyenifundisha kuweka kanula, na anakaribia kustaafu. Ananiomba nichane ukurasa ule niandike upya. Mkuu wa wodi anasema tuyamalize wenyewe. Wenzangu wamenuna. Nifanye nini?*

*Muuguzi wa usiku, Dodoma*

---

Marahaba mwanangu.

Nilikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya kuketi kwenye safu hii, na barua yako nimeisoma nikiwa nimeshika kalamu, kama ninavyosoma ripoti. Niruhusu nianze na ile namba 10 kabla ya kufika kwa dada yako, kwa sababu naamini ugomvi wenu umejificha humo.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa ya ukutani na chati zetu nyingi zinafuata hesabu ya Kizungu. Tofauti ni saa sita, kila wakati. Mtu anayeandika akifikiri kwa Kiswahili na anayesoma akifikiri kwa Kiingereza wanapishana kwa saa sita, na hakuna kati yao atakayehisi amekosea. Dawa hii, magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, ikitolewa kwa sindano za misuli, baada ya dozi ya kuanzia huenda g 5 kila baada ya saa 4, tako hili kisha lile. Kwa hiyo kosa la saa sita ni dozi moja na nusu.

Tazama ulichokuwa umeshika mkononi jioni ile, tuseme saa 1:30 usiku. Kama 10 ilikuwa saa 10 jioni, yaani 16:00, dozi inayofuata ilikuwa saa 2 usiku. Ulikuwa na nusu saa mkononi na hakuna kilichoharibika. Na ml 140 za mkojo tangu saa 10 jioni ni kama ml 40 kwa saa. Kiwango tunachokitaka ni angalau ml 30 kwa saa, kwa wastani wa saa 4, kwa hiyo hapo figo zinafanya kazi.

Lakini kama 10 ilikuwa 10:00, saa 4 asubuhi, basi dozi ya saa 8 mchana na ya saa 12 jioni zote zimerukwa, na mama anaweza kurudiwa na degedege wakati wowote. Hapo hapo, ml 140 zile zile zikigawanywa kwa saa tisa na nusu zinakuwa chini ya ml 15 kwa saa. Magnesiamu hutoka mwilini kwa mkojo. Mkojo ukiwa mdogo hivyo, dawa inabaki ndani na kurundikana: kwanza goti linaacha kuruka ukiligonga kwa kinyundo, kisha pumzi inapungua. Kwa hiyo namba ile ile moja ilikuwa inakwambia "mpe haraka, amerukwa mara mbili" na wakati huo huo "usithubutu kumpa". Ndiyo maana ulitetemeka. Na mtu mwingine mahali pako angeweza kuamua kuanza upya na dozi ya kuanzia, juu ya sindano iliyokuwa na saa tatu na nusu tu mwilini.

Ulichofanya kilikuwa sahihi. Hukubahatisha. Ulimpigia anayeandika maagizo ya dawa, na mlipima kitu ambacho hakikutegemea maandishi ya mtu yeyote: mkojo wa saa moja mnaoijua mwanzo na mwisho wake. Hujaniambia kama ulihesabu pumzi na kugonga goti. Naamini ulifanya, maana bila pumzi 16 au zaidi kwa dakika na goti linaloruka hakuna anayechoma dozi inayofuata. Lakini ona: naamini tu, kwa sababu hukuandika.

Hapo ndipo nataka nikuulize jambo kwa upole. Katika barua yako umeniandikia "nikampa dozi saa 2:45". Mimi najua ni usiku kwa sababu nimeisoma hadithi nzima. Muuguzi wa asubuhi angefungua kitabu akakuta "MgSO4 5 g, 2:45", angeweza kuelewa saa 8:45 usiku. Je, kwenye chati uliandikaje? Sikuulizi ili nikukamate. Nakuuliza kwa sababu na mimi niliwahi. Katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, niliandika kwamba mpira wa mkojo wa mama aliyefanyiwa upasuaji utolewe "saa 12". Nilimaanisha jioni. Mwenzangu akautoa mchana, 12:00, kama kalamu yangu ilivyomwambia, na jioni mama yule kibofu kilikuwa kimejaa, hawezi kukojoa, tukalazimika kumwekea mpira upya. Nililalamika kwamba mwenzangu hana umakini. Siku mbili baadaye nilifungua ukurasa nikaona mwandiko wangu mwenyewe.

Kwa hiyo neno "uzembe" ulilotumia, lipime tena. Inawezekana kweli dada alikuwa na haraka. Bajaji ile inasema hivyo. Lakini kuandika 10 bila kusema 10 ipi hakuhitaji uzembe. Kunahitaji wodi ambayo haijakubaliana ni saa gani inaandikwa. Na kuna jambo la pili ambalo si rahisi kuliandika, lakini utalisikia kwangu kabla hujalisikia kwa mtu asiyekupenda: ulisaini mezani kabla hujafika kitandani. Sahihi ya anayepokea maana yake ni kwamba nimeelewa na nimeona. Mngetembea pamoja mpaka kitandani, mkautazama mfuko wa mkojo wote wawili, ungemuuliza "umeumwaga lini?" na jibu lingechukua sekunde tano. Bajaji ingesubiri.

Sasa tuje kwenye ukurasa.

Njia ya kwanza ni kuuchana, kama dada anavyoomba. Naelewa moyo wake. Mtu anayekaribia kustaafu hataki neno "uzembe" libaki juu ya jina lake. Lakini ukurasa ule hauna hasira yako peke yake. Una mgonjwa pia, na una simu uliyompigia daktari. Ukiuchana, chati itaonyesha dozi iliyosogea kwa dakika 45 na hakuna mahali popote panaposema kwa nini. Siku mtu akiuliza, atakayeonekana amechelewesha dawa ni wewe. Tena ukurasa uliochanwa hauondoi kosa la mtu. Unaongeza la pili, na hilo la pili halina maelezo yanayoweza kukutetea, hata kama nia ilikuwa njema.

Njia ya pili ni kuuacha kama ulivyo. Ni halali kwa maana ya kumbukumbu. Ila sentensi yako haimsaidii mtu yeyote aliyemfuata mgonjwa yule. "Imeacha mgonjwa bila ripoti" si kweli, ripoti ilikuwepo, iliyokosekana ni muda. "Nusura afe" pia si kweli, kwa sababu mkojo wake, kwa maelezo yako, ulikuwa salama, na alitoka salama na mtoto wake. Uliandika hofu yako kana kwamba ndiyo hali ya mgonjwa. Kitabu cha ripoti ni cha kile ulichoona, ulichopima, ulichoambiwa na nani, ulichofanya, na kinachosubiri. Hukumu juu ya mwenzako haina nafasi humo, hata ikiwa ya haki.

Njia ya tatu ni kusahihisha bila kufuta. Unapiga mstari mmoja juu ya sentensi ile, mwembamba, ili iendelee kusomeka. Pembeni unaandika tarehe na muda wa leo unaposahihisha, na sahihi yako. Si rangi nyeupe, si kuchorachora mpaka karatasi itoboke. Kisha chini, mahali palipo wazi, unaandika "Maandishi ya nyongeza", tarehe na saa halisi unayoandika, na unaeleza usiku ule. Usiandike kana kwamba umeandika usiku ule ule. Kuchelewa kuandika kunasameheka, kujifanya hukuchelewa hakusameheki.

Ningekuwa mimi, maelezo yangekuwa kama haya, na wewe ungeweka tu yale uliyopima kweli:

*19:35. Ripoti ya jioni inasema "MgSO4 5 g imepewa 10". Haikujulikana kama ni 10:00 au 16:00. Chati haina muda. Mkojo mfukoni ml 140, muda mfuko ulipomwagwa haukuandikwa. Anaitika akiitwa jina. Pumzi …, goti la kulia na la kushoto …, presha … . Muuguzi wa jioni amepigiwa, hakupatikana. Mama mkwe, kwa tafsiri ya mgonjwa wa kitanda cha pili, anasema sindano ilichomwa jua likiwa dirisha la magharibi.*

*19:40. Daktari wa zamu amepigiwa. Agizo kwa simu, limerudiwa kwake na kuthibitishwa: dozi isubiri, mfuko umwagwe, mkojo upimwe saa moja. Mfuko umemwagwa.*

*20:15. Muuguzi wa jioni amepiga: dozi ilitolewa na mfuko ulimwagwa 16:00.*

*20:40. Mkojo ml 45 kwa saa moja. Pumzi …, goti … .*

*20:45. MgSO4 5 g misuli, tako la … . Dozi ijayo 00:45, tarehe ya kesho, baada ya kupima pumzi, goti na mkojo.*

Nimekisia dakika kutoka kwenye barua yako. Weka zako, na usipozikumbuka andika "kama saa fulani". Palipo na nukta nimepaacha wazi kwa makusudi. Kama hukupima, usijaze leo kwa kukumbuka jinsi mama alivyoonekana. Andika "haikuandikwa". Inauma, lakini ni kweli.

Niangalie nawe mambo machache katika maandishi haya. Dada yako hajatajwa kwa ubaya wala kwa wema. Amenukuliwa, na alipopiga simu ameandikwa pia. Kila anayesoma anaona kilichokosekana bila kuambiwa amchukie nani. Maneno ya mama mkwe yamebaki kuwa maneno ya mama mkwe. Bibi yule aliona sawasawa, jua kwenye dirisha la magharibi halidanganyi, na nakusifu kwamba ulimuuliza. Lakini ukiandika "ilichomwa jioni" peke yake, msomaji atadhani ulithibitisha. Ukiandika "anasema", anajua uzito wake.

Na sikuandika "anaendelea vizuri". Hilo neno ningeliondoa kwa mgonjwa wa magnesiamu kabla ya yote. "Amelala vizuri" ndilo la hatari zaidi. Mama aliyechoka baada ya kujifungua analala. Mama ambaye dawa imemzidi naye analala. Anayepokea zamu anahitaji kujua kama anaamka akiitwa jina, na pumzi ni ngapi kwa dakika nzima uliyohesabu. Ukiwa na namba ya sasa na ya saa nne zilizopita, 20 kisha 17, unaona inakoelekea ingawa zote mbili bado zinaruhusu dozi. Hapo unaweza kumwambia anayeingia: mtazame huyu kwanza, na kalsiamu glukoneti g 1, dawa ya kupoza magnesiamu ikizidi, ipo kwenye trei, nimeiona kwa macho.

Ile "tarehe ya kesho" usiidharau. Sisi tukisema usiku wa Jumanne tunaweza kumaanisha usiku wa kuamkia Jumanne. Zamu yako inavuka saa 6 usiku, na hapo chati inaingia tarehe mpya. Hii ina uzito kwa sababu dawa hii inaendelea mpaka saa 24 zitimie tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililokuja baadaye. Kama kitabu kinasema "amejifungua saa 11" bila alfajiri wala jioni, hata siku ya kuisimamisha itabishaniwa.

Kuna njia ya nne, na haizuii ya tatu: kulipeleka jambo kwa mkuu wa wodi, kwenye fomu ya taarifa ya tukio kama mnayo, au kwenye kikao cha wodi, likiwa jambo la saa na si la dada. Amesema myamalize wenyewe, na kwa upande wa mioyo yenu ana haki. Lakini wodi kuandika saa za aina mbili si ugomvi wa watu wawili. Mngeweza kuomba kitu kidogo tu: kila muda katika chati na kitabu uandikwe kwa tarakimu nne, 16:00, 04:00, na mdomoni mnapokabidhiana mseme kwa Kiswahili chetu, "saa 10 jioni". Macho yanasoma moja, masikio yanasikia nyingine, na zisipolingana mnajua hapo hapo mkiwa bado wawili. Hatari yake ni kwamba wakati huu, wenzako wakiwa wamenuna, watalisikia kama umemshitaki dada kwa mlango wa nyuma. Labda lingetoka vizuri zaidi kinywani mwake kuliko kwako. Ana miaka mingi ya kukumbuka, na nadhani ana mifano mingi kuliko mimi.

Ni njia gani uchukue, wewe ndiye unayemjua dada huyo na unayeijua wodi. Mimi ningeogopa tu ile ya kuchana. Zilizobaki, unaweza kuzipanga kwa mfuatano unaoweza kuubeba. Kama utamwendea, usiende na kitabu mkononi. Mwendee nyumbani au mkiwa mnakunywa chai, mwambie uliogopa, na kwamba neno uzembe liliandikwa na mtu aliyeogopa. Mwombe radhi kwa neno hilo peke yake, maana ndilo ulilomkosea. Kuhusu ukurasa mweleze kwamba huwezi kuuchana, lakini utaisahihisha sentensi mbele yake, na atasoma nyongeza kabla hujaisaini, ili kama alikumbuka jambo jingine la saa 10 jioni ile liingie kwa maneno yake na sahihi yake.

Na muulize alichoma tako lipi. Katika barua yako yote hakuna palipoandikwa, na sindano iliyofuata ilikuwa ya kwako.